Bei inapolala chini: namna ya kusoma sanduku na bakuli, na kujua kama bei iko karibu kuamka

Mwezi wa kwanza mwaka 2016, tani moja ya shaba kwenye soko la metali la London ilifika karibu dola 4,300. Miaka mitano mbele yake, mwezi wa pili 2011, tani hiyo hiyo ilikuwa imepita dola 10,000. Kule Kolwezi watu hawakuhitaji grafiki ili wajue: mwezi wa tisa 2015 kampuni ya Glencore ilitangaza kwamba inasimamisha kutoa shaba kwenye migodi yake ya Katanga na ile ya Mopani kule Zambia, mpaka vyombo vya kazi vitengenezwe upya ili gharama ishuke. Wafanyakazi walibaki nyumbani, makontrakta walipoteza kazi, hata mama anayeuza bukari mlangoni mwa mgodi aliona hesabu yake imebadilika.

Kisha bei ikalala. Haikupanda, haikushuka zaidi. Miezi kumi hivi ilizunguka mahali pamoja, mpaka watu wakachoka kuiangalia. Mwezi wa kumi na moja 2016, katika siku chache tu, ikaruka mpaka karibu dola 6,000.

Swali ambalo negosiani, koperative na kila mtu mwenye mali ya kuuza anajiuliza ni hili: je, wakati ule wa usingizi kulikuwa na alama yoyote? Jibu ni ndiyo, alama zilikuwepo. Lakini alama si unabii. Makala hii inaeleza maumbo mawili ambayo bei inachora inapolala chini, yaani sanduku na bakuli, halafu namna ya kupima kama sanduku limeiva na liko karibu kupasuka.

Kwa nini bei inalala

Bei inaposhuka muda mrefu, wauzaji ndio wenye nguvu. Kila anayenunua anajuta siku inayofuata. Siku moja inafika ambapo bei iko chini kiasi kwamba migodi mingine inafunga, kwa vile gharama ya kuchimba inapita bei ya kuuza. Hapo mali inayoingia sokoni inapungua. Watu wenye pesa nyingi na subira wanaanza kununua kidogo kidogo, bila kelele, maana wakinunua yote kwa siku moja wao wenyewe ndio watapandisha bei.

Upande mwingine kuna watu walionunua zamani kwa bei ya juu. Hao wameumia. Wanajiambia: bei ikirudi kidogo tu, nauza nitoke. Njo maana kila bei inapojaribu kupanda, inakutana na wauzaji wengi na inarudi chini. Wanunuzi wenye subira wanatengeneza sakafu, wauzaji waliochoka wanatengeneza dari. Katikati ya hivyo viwili bei inaenda na kurudi. Huo ndio unaitwa msingi: ni muda ambao mali inatoka kwenye mikono ya watu waliochoka na kuingia kwenye mikono ya watu wanaoweza kungoja. Kazi hiyo haifanyiki kwa juma moja, kwa sababu waliochoka ni wengi na kila mmoja anauza siku yake.

Sanduku: sakafu na dari

Sanduku, au mstatili kama wanavyosema kwenye hesabu, ni umbo rahisi. Chukua grafiki inayoonyesha bei ya kila juma. Tafuta mahali ambapo bei imeshuka na kugeuka zaidi ya mara moja karibu na kiwango kimoja: hiyo ni sakafu. Tafuta mahali ambapo imepanda na kugeuka zaidi ya mara moja karibu na kiwango kimoja: hiyo ni dari. Ukiwa na migusano miwili chini na miwili juu, unaweza kusema sanduku lipo. Kabla ya hapo unajidanganya.

Usichore sakafu na dari kwa mstari mwembamba kama uzi. Soko haliheshimu namba moja. Chora eneo. Kama dari iko kwenye 5,000 mpaka 5,100, sema hivyo, kisha angalia bei inafunga wapi mwisho wa siku au mwisho wa juma. Bei inaweza kuruka saa moja juu ya dari na kurudi. Bei ya kufunga ndiyo inayoonyesha watu walikubaliana wapi baada ya kelele kuisha.

Jambo moja watu wengi wanalisahau: sanduku lenyewe halijui linaenda wapi. Sanduku lililochorwa baada ya bei kushuka linaweza kuwa msingi wa kupanda, lakini linaweza pia kuwa mahali pa kupumzika tu, kisha bei ikavunja sakafu na kuendelea kushuka. Kwenye grafiki, katika siku za mwanzo, hivyo viwili vinafanana kabisa. Kwa hiyo hatusemi "ni sanduku, tununue". Tunasema "ni sanduku, tuangalie ndani kunafanyika nini".

Sanduku la shaba, 2016

Turudi kwenye shaba, hatua kwa hatua. Namba hizi ni za London, kwa tani, na tumezikaribisha ili zisomeke vizuri.

Katikati ya mwezi wa kwanza 2016 bei inagusa karibu 4,300 na kugeuka. Mwezi wa tatu inapanda mpaka karibu 5,100, inakutana na wauzaji, inarudi. Mwanzo wa mwezi wa tano inafika tena karibu na 5,100, inakataliwa mara ya pili. Mwezi wa sita inashuka, lakini haifiki 4,300. Inageuka karibu na 4,480. Mwezi wa saba inapanda karibu na 5,000, inakataliwa tena. Mwisho wa mwezi wa nane inashuka tena, na safari hii inageuka karibu na 4,580.

Simama hapo kidogo uangalie. Dari imebaki mahali pake, pale 5,000 mpaka 5,100. Lakini sehemu ya kugeukia chini imepanda: 4,300, kisha 4,480, kisha 4,580. Maana yake ni kwamba mnunuzi hakubali tena kungoja bei ifike chini kabisa. Anaogopa mwenzake atamtangulia, anaingia mapema. Muuzaji bado anasimama pale pale juu, lakini mnunuzi anamsogelea.

Alama ya pili ni urefu wa safari. Kutoka mwezi wa kwanza mpaka wa tatu bei ilitembea dola 800 hivi. Kutoka mwezi wa tano mpaka wa sita ilishuka dola 600 hivi. Kutoka mwezi wa saba mpaka mwisho wa wa nane ilishuka 400 hivi. Safari zinafupika. Hewa ndani ya sanduku inabanwa.

Alama ya tatu ni namna bei inavyopokea habari mbaya. Tarehe 23 mwezi wa sita 2016 Waingereza walipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya. Kesho yake masoko ya dunia yalianguka, na shaba ikaanguka nayo. Lakini ndani ya juma lililofuata ilikuwa imesharudi juu ya pale ilipotoka. Katika mwaka wa 2015, habari ya namna hiyo ingeweza kuishusha majuma mengi. Habari mbaya inapopita na bei isivunje sakafu, tunajifunza kwamba wenye kutaka kuuza kwa hofu wamebaki wachache.

Sasa uwe mwangalifu. Kama mtu angenunua mwezi wa saba kwa sababu ya alama hizo, angengoja zaidi ya miezi mitatu, na mwezi wa nane angeona mali yake imepungua thamani. Alama zinasema sanduku linaiva. Hazisemi tarehe. Mtu aliyekopa pesa ya kurudisha kwa siku 30 hawezi kucheza mchezo huu, hata kama amesoma alama vizuri.

Siku ya kupasuka

Mwisho wa mwezi wa kumi 2016 bei ilianza kupanda bila kupumzika. Juma la kwanza la mwezi wa kumi na moja ilifika kwenye dari, na safari hii haikukataliwa. Tarehe 8 Amerika ikachagua rais. Donald Trump alikuwa ameahidi kujenga barabara na madaraja, na shaba ikaruka zaidi. Tarehe 11 iligusa karibu 6,000, kisha siku hiyo hiyo ikarudi karibu 5,500.

Watu wengi wanasema uchaguzi ndio uliopandisha bei. Angalia vizuri: bei ilikuwa imeshafika kwenye dari kabla ya matokeo kutangazwa. Habari ilisukuma mlango ambao tayari ulikuwa umelegea. Habari kama hiyo ingekuja mwezi wa pili, wakati wauzaji waliochoka walikuwa bado wengi, ingeweza kupandisha bei siku mbili na kuishia hapo.

Namna gani mtu anapima kama dari imevunjika kweli? Robert Edwards na John Magee, Waamerika wawili walioandika mwaka 1948 kitabu ambacho wasomaji wa grafiki wanakitumia mpaka leo, walitoa kipimo rahisi: bei ifunge kwa asilimia 3 zaidi ya dari. Kwa shaba, asilimia 3 ya 5,100 ni 153. Kwa hiyo tunangoja bei ifunge juu ya 5,253. Kufikia tarehe 9 mwezi wa kumi na moja, kipimo kilikuwa kimetimia. Kipimo hicho kina gharama yake: unanunua, au unaacha kuuza, ukiwa umechelewa kidogo. Hiyo ni bei ya kuepuka uongo wa soko.

Kipimo cha pili ni wingi wa biashara, yaani kiasi cha mali kinachobadilisha mikono kwa siku. Ndani ya sanduku lililoiva, biashara inapungua, kwa vile watu wamechoka. Siku ya kuvunja dari inatakiwa ipande sana. Dari ikivunjwa huku biashara iko kidogo, ni kama mlango uliofunguliwa na upepo: unaweza kufungwa tena na upepo huo huo.

Halafu kuna hesabu ya kukadiria bei inaweza kufika wapi. Chukua urefu wa sanduku, uongeze juu ya dari. Kwa shaba: 5,100 kutoa 4,300 ni 800. Ongeza 800 juu ya 5,100, unapata 5,900. Bei ilipita hapo kwa muda mfupi mwezi ule ule, ikarudi karibu 5,500, kisha mwezi wa pili 2017, wakati wafanyakazi wa mgodi wa Escondida kule Chile walipogoma, ikapita 6,000. Hesabu hii usiichukue kama ahadi. Ni kama kusema gari hili lina mafuta ya kufika Likasi. Barabara ikikatika, mafuta hayatasaidia.

Kitu cha maana zaidi kuliko lengo ni hiki: bei iliporudi chini baada ya kuruka, haikuingia tena ndani ya sanduku. Ilisimama juu ya 5,100. Dari ya zamani imekuwa sakafu mpya. Wale waliouza kwa 5,100 sasa wanajuta, na bei ikirudi karibu wananunua. Kinyume chake, bei ikirudi na kufunga ndani kabisa ya sanduku, useme bila aibu kwamba umekosea.

Dari inapodanganya

Tuchukue mfano wa uongo huo, kwenye dhahabu. Mwezi wa nane 2020 wakia moja ya dhahabu, ambayo ni gramu 31.1, ilifika karibu dola 2,075. Ikarudi. Mwezi wa tatu 2022 ikajaribu tena karibu pale pale, ikarudi. Mwezi wa tano 2023 ikajaribu tena, ikarudi. Dari ilikuwa inajulikana dunia nzima.

Siku ya kwanza tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili 2023, masoko ya Asia yalipofunguliwa, bei iliruka ghafla mpaka juu ya 2,130. Aliyeangalia simu saa hiyo aliona rekodi mpya na akakimbia kununua. Jioni bei ilifunga karibu 2,030, chini ya dari. Siku zilizofuata ilishuka chini ya 2,000.

Nini kilikuwa kibaya? Mruko ulifanyika saa ambazo biashara iko kidogo, wakati Ulaya wamelala. Na bei haikufunga juu ya dari: kipimo cha Edwards na Magee kilikataa. Mwezi wa tatu 2024 dari ile ile ilivunjwa tena, lakini safari hii siku baada ya siku bei ilifunga juu yake, na ndani ya majuma mawili ilikuwa imepita 2,150. Mtu aliyengoja hakukosa safari. Alikosa kituo cha kwanza tu.

Bakuli: msingi usiokuwa na kona

Kuna msingi wa pili ambao hauna sakafu iliyonyooka. Bei inashuka haraka, kisha polepole, kisha inakaribia kusimama, kisha inaanza kupanda polepole, kisha haraka. Ukichora mstari chini yake, unapata umbo la bakuli. Kwenye sanduku, wanunuzi na wauzaji wanapigana mara nyingi mahali pale pale. Kwenye bakuli, nguvu inahama taratibu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, bila siku moja ya kusema "hapa ndipo ilipogeuka".

Mfano mzuri ni dhahabu kutoka 2013 mpaka 2019. Watu wa Ituri na Kivu Kusini waliokuwa kwenye dhahabu miaka hiyo wanaukumbuka. Mwezi wa tisa 2011 wakia ilikuwa imefika karibu dola 1,920. Mwaka 2013 ikaanguka vibaya. Sehemu za kugeukia chini zilifuatana hivi: mwisho wa 2013 karibu 1,180, mwisho wa 2014 karibu 1,130, mwisho wa 2015 karibu 1,050. Hapo ndipo chini ya bakuli. Kisha upande wa pili: mwisho wa 2016 karibu 1,125, mwezi wa nane 2018 karibu 1,160, mwezi wa tano 2019 karibu 1,270.

Soma namba hizo kama ngazi: tatu za kushuka, tatu za kupanda. Na ukingo wa bakuli ulikuwa mahali pamoja: mwezi wa tatu 2014 karibu 1,390, mwezi wa saba 2016 karibu 1,375, na mwaka 2017 na 2018 tena na tena kati ya 1,350 na 1,370. Miaka mitano ukingo huo ulikataa.

Kosa la kawaida kwenye bakuli ni haraka. Kwa vile linachukua miaka, mtu anayeona mzunguko unaanza mwaka 2016 anadhani ameshafika. Dhahabu ilipanda kutoka 1,050 mpaka 1,375 katika nusu ya mwaka 2016, watu wakashangilia, kisha ikarudi mpaka 1,125. Aliyenunua kwenye ukingo mwezi wa saba 2016 alingoja karibu miaka mitatu kurudisha pesa yake. Bakuli halijakamilika mpaka ukingo uvunjwe, haidhuru chini yake pamependeza namna gani.

Alama ya kuiva ilikuwa ile ile ya sanduku: safari za kurudi chini zilifupika. Kutoka ukingo mwaka 2016 bei ilirudi dola 250. Mwaka 2018 ilirudi dola 200 hivi. Mwanzo wa 2019 ilifika karibu 1,345 na kurudi dola 75 hivi tu. Mtu anayegonga mlango na kurudi nyuma hatua moja tu, huyo hajakata tamaa.

Mwezi wa sita 2019, baada ya benki kuu ya Amerika kuonyesha kwamba iko tayari kupunguza riba, bei ilipita 1,400. Kwa kipimo cha asilimia 3, tulihitaji ifunge karibu 1,416, na kabla ya mwisho wa mwezi ilikuwa imefanya hivyo. Mwanzo wa mwezi wa saba ikarudi karibu 1,380, ikagusa ukingo wa zamani kwa juu, ikapanda tena. Hesabu ya lengo: 1,375 kutoa 1,050 ni 325, ongeza juu ya 1,375, unapata 1,700. Mwezi wa tatu 2020, ugonjwa wa korona ulipotisha dunia, dhahabu ilianguka mpaka karibu 1,450, lakini haikurudi ndani ya bakuli. Mwezi wa nne ilipita 1,700.

Hesabu ya mtu mwenye mali mkononi

Tuseme negosiani alikuwa na gramu 100 za dhahabu safi mwezi wa nane 2018, bei iko 1,160. Gawanya kwa 31.1: ni dola 37.3 kwa gramu. Kwenye ukingo, 1,375, gramu ingekuwa dola 44.2. Tofauti kwa gramu 100 ni dola 690. Inavutia.

Lakini ili apate hiyo 690 alihitaji kungoja miezi kumi. Miezi kumi ya kuficha mali ndani ya nyumba, ya kuogopa wezi, ya kukosa mtaji wa kununua na kuuza. Kama kwa kawaida anazungusha mtaji wake kila juma na kupata dola 1 kwa gramu, kuuza mara moja na kuendelea na kazi kunampa zaidi. Anayefaidika na kungoja ni yule ambaye mali kwake ni akiba, siyo mtaji wa kazi. Kabla ya kuuliza kama sanduku limeiva, jiulize hiyo pesa ni ya namna gani.

Tena, bei ya London si bei ya komptuari. Kati yake kuna usafi wa mali, usafiri, kodi na faida ya mnunuzi. Dari ikivunjwa London leo, huku kwetu mnunuzi anaweza kuendelea na bei ya jana siku kadhaa. Kujua kwamba imevunjwa kunakupa neno la kusema mezani: unaweza kukataa bei ya jana ukiwa na namba mkononi.

Mahali ambapo grafiki haisaidii

Sanduku na bakuli vina maana pale ambapo watu wengi wananunua na kuuza kila siku kwa hiari yao. Dhahabu na shaba ziko hivyo. Kobalti haiko hivyo sana. Mwanzo wa 2025 bei ya kobalti ilikuwa imelala chini muda mrefu, na mtu angeweza kuchora msingi mzuri. Mwezi wa pili 2025 serikali ya Kongo ikasimamisha kuuza kobalti inje ya nchi kwa miezi minne, kwa sababu soko lilikuwa limejaa. Bei ikaruka. Hakuna sehemu ya kugeukia iliyopanda, hakuna safari iliyofupika, ambayo ingeonyesha siku hiyo. Nchi inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilifunga mlango, basi.

Njo maana, mbele ya kuchora mistari, uliza kwanza nani anaweza kubadilisha bei hii kwa kutia sahihi kwenye karatasi moja. Kama yupo, angalia ofisi yake kuliko grafiki. Kama hayupo, chukua grafiki ya majuma na ufuate utaratibu huu: angalia kama bei imeshuka muda mrefu mbele ya kulala, chora eneo la sakafu na eneo la dari, andika namba za kugeukia chini kwa mpangilio na uone kama zinapanda, pima kama safari za kurudi zinafupika, kumbuka habari mbaya ya mwisho na uone bei ilifanya nini, kisha ngoja bei ya kufunga. Ikifunga asilimia 3 juu ya dari, mlango umefunguka. Ikirudi na kufunga ndani, toka, na uchore upya.